Kumbukumbu Inayotengewa Grafiki: Je, Kuiongeza Kunaharakisha Gemu?

Laptopu imenunuliwa kwa maelezo kwamba ina RAM ya GB 8. Mwenye nayo anafika nyumbani, anafungua Settings, anaingia System kisha About, na kwenye mstari wa Installed RAM anakuta maandishi haya: 8.00 GB (5.88 GB usable). GB 2 na ushei hazionekani. Lawama ya kwanza humwangukia muuzaji, ya pili humwangukia fundi aliyeifungua mashine mara ya mwisho. Mara nyingi wote wawili hawana hatia. RAM ipo yote na ni nzima. Kilichotokea ni kwamba sehemu ya grafiki iliyomo ndani ya prosesa ilitengewa GB 2 kabla Windows haijaamka, na Windows haina ruhusa ya kuzigusa.

Kiasi hicho hubadilishwa katika kompyuta nyingi, na hapo ndipo wapenzi wa gemu huanza kupeana mashauri. Mmoja anasema weka GB 4 na gemu litakimbia, mwingine anasema rudisha MB 512 ili kompyuta ipumue. Ninavyoona mimi, mpangilio huu unasifiwa kupita uwezo wake. Upo wakati unasaidia kweli, nitaueleza, lakini kwenye mashine ya GB 8 mara nyingi huleta kukwama kulekule ambako mchezaji alitaka kukuondoa.

Kwanza tuone grafiki hii inaishi wapi. Kadi ya grafiki ya kujitegemea, ile inayochomekwa kwenye kompyuta kubwa ya mezani, huja na chipu zake za kumbukumbu zilizouzungukia moyo wake. Grafiki ya ndani ya prosesa haina chipu hizo. Picha zote inazochora, maumbo yote ya magari, watu na majengo, na teksicha, yaani picha zinazovishwa juu ya maumbo hayo ili ukuta uonekane ukuta na lami ionekane lami, vyote hukaa ndani ya RAM ileile inayotumiwa na Windows na kivinjari cha intaneti. Ndiyo sababu laptopu za namna hii ni za bei nafuu na hazili umeme mwingi. Ndiyo sababu pia zina ugomvi wa kugawana.

Kompyuta inapowashwa, BIOS inahitaji kuonyesha kitu kwenye skrini kabla mfumo wowote haujapakiwa. Kwa hiyo inakata kipande cha RAM na kumkabidhi grafiki moja kwa moja. Kwa kazi ya skrini peke yake, kipande hicho kingeweza kuwa kidogo mno. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080, kila nukta ikibeba baiti 4 za rangi, inahitaji MB 8 na kidogo kwa picha moja kamili. Hata ukihifadhi picha tatu kwa mpigo ili moja ionyeshwe huku nyingine zikichorwa, hufiki MB 25. Kiasi kinachozidi hapo, iwe MB 512 au GB 2, ni uamuzi wa mtengenezaji wa mashine, aliyekisia ni kiasi gani kitamfaa mtumiaji wa kawaida. Mwingine hukisia MB 512, mwingine GB 2, na ndiyo maana laptopu mbili zenye prosesa moja na RAM sawa zinaweza kuonyesha namba tofauti.

Mafungu mawili ya kumbukumbu

Hapa pana jambo ambalo likieleweka, mengine yote yanakaa sawa. Grafiki ya ndani haiishii kwenye kile ilichotengewa. Ikijaza fungu lake, inaendelea kuazima RAM ya kawaida kutoka kwa Windows, na Windows huiruhusu kuazima mpaka nusu ya RAM inayoonwa na mfumo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, kisha chagua GPU, na utayaona mafungu yote mawili chini ya michoro. Dedicated GPU memory ni kile kilichotengwa na BIOS. Shared GPU memory ni dari ya kuazima.

Nasema dari kwa makusudi, kwa sababu wengi huiona ile namba ya pili na kudhani nusu ya RAM yao imeshachukuliwa. Haijachukuliwa. Kama hakuna gemu linalochezwa, sehemu kubwa ya nusu hiyo iko huru kwa kivinjari, kwa Word, kwa chochote. Grafiki huchukua inapohitaji na kurudisha ikimaliza. Lile fungu la kwanza ndilo lenye tabia tofauti: likishatengwa limetengwa, uwe unacheza gemu au unaandika barua, hakuna programu nyingine itakayonufaika nalo.

Tuchukue mashine halisi na tufanye hesabu. Laptopu yenye prosesa ya Ryzen 5 5500U, iliyotoka mwaka 2021, ina grafiki ya Radeon ndani yake, na mashine za aina hii zinapatikana kwa wingi Kariakoo jijini Dar es Salaam na katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, mpya na zilizotumika. Tuseme ina RAM ya GB 8. BIOS ikitenga MB 512, Windows itabaki na takriban GB 7.38, kwa kuwa kiasi kidogo zaidi huchukuliwa na vifaa vingine. Nusu yake ni GB 3.7. Ukijumlisha fungu la kutengwa na dari ya kuazima, grafiki inaweza kufikia GB 4.2.

Sasa mwenye mashine anapandisha kiasi cha kutengwa mpaka GB 2. Windows inabaki na GB 5.88, nusu yake ni GB 2.9, na jumla ya grafiki inakuwa GB 4.9. Tazama kilichopatikana na kilichotoka. Grafiki imeongezewa uwezo wa kufikia kiasi cha MB 700 tu, na uwezo huo ni wa pale inapojaza kila kitu. Windows na gemu lenyewe, ambalo nalo linahitaji RAM ya kawaida kwa hesabu zake, sauti zake na ramani zake, vimepoteza GB 1.5 moja kwa moja. Akienda mpaka GB 4, Windows inabaki na GB 3.88 za kuendesha mfumo, gemu na kila kitu kingine, huku grafiki ikifikia takriban GB 5.9. Ni shamba moja la urithi linalogawiwa upya kati ya ndugu wawili. Mpaka unasogea, ekari ni zilezile.

Kwa nini kasi haibadiliki

Tuje kwenye swali la fremu kwa sekunde, maana hilo ndilo analolitazama mchezaji. Kumbukumbu iliyotengwa na kumbukumbu ya kuazima ziko kwenye vipande vilevile vya RAM na zinapita kwenye nyaya zilezile kwenda kwenye prosesa. Hakuna kati yake iliyo ya kasi zaidi kwa maumbile. Kwenye kadi ya kujitegemea tofauti ipo na ni kubwa, kwa kuwa kumbukumbu yake iko kando ya chipu na ile ya kuazima iko mbali, ng'ambo ya kompyuta. Watu wamelibeba wazo hilo la kadi za kujitegemea na kulileta kwenye grafiki ya ndani, ambako halina mahali.

Kinachoibana grafiki ya ndani ni kasi ya kupitisha data. RAM ya aina ya DDR4-3200 husafirisha data mara milioni 3,200 kwa sekunde, kila mara baiti 8, kwa hiyo kipande kimoja kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde kikiwa katika hali yake bora kabisa. Kadi ya kujitegemea ya daraja la chini kama GTX 1650 ya mwaka 2019 hupitisha GB 128 kwa sekunde, na haigawani na mtu. Grafiki ya ndani inagawana zile GB 25.6 na prosesa.

Igawe namba hiyo kwa fremu, na jibu linajitokeza lenyewe. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina fungu la kiasi cha MB 427 za data zinazoweza kusomwa na kuandikwa, na hapo nimechukulia kwamba prosesa haijagusa hata baiti moja. Ukiridhika na fremu 30, fungu linakuwa MB 853. Kwa hiyo hata ukiitengea grafiki GB 4, katika muda wa fremu moja haiwezi kupita juu ya zaidi ya sehemu ndogo ya GB hizo. Umeipa ghala kubwa, lakini mlango wa kutolea mizigo haujapanuka hata kidogo. Gemu lililokuwa likienda fremu 28 litaendelea kwenda fremu 28, au moja juu, moja chini.

Kuna tofauti ndogo ndogo ambazo haki yake ni kutajwa. Fungu lililotengwa ni eneo moja lililoungana, wakati RAM ya kuazima hutolewa katika vipande vilivyotawanyika ambavyo grafiki inabidi ivifuatilie kwa orodha ya anwani. Tena Windows ina uhuru wa kuviondoa vile vya kuazima inapobanwa na nafasi, lakini fungu lililotengwa haliwezi kuligusa. Katika gemu linalojaza MB 512 na kuendelea kuazima, kupandisha mpaka GB 1 au 2 kunaweza kupunguza mikwamo michache, mradi Windows bado ina nafasi ya kutosha. Wastani wa fremu hutikisika kidogo tu.

Pale mpangilio unaposaidia kweli

Faida iliyo wazi kabisa inatokana na jinsi magemu yanavyouliza maswali. Gemu likianza, huiuliza Windows kadi hii ina kumbukumbu kiasi gani, na Windows hujibu kwa namba kadhaa: moja ya kumbukumbu iliyotengwa, nyingine ya ile ya kuazima. Gemu lililoandikwa vizuri hutazama zote. Gemu lililoandikwa na mtu aliyekuwa akifikiria kadi za kujitegemea peke yake hutazama ya kwanza tu, likaona MB 512, likaamua mashine ni dhaifu. Hapo moja kati ya mambo matatu hutokea: linakataa kuanza na kutoa onyo kwamba kumbukumbu ya video haitoshi, au linafunga mipangilio ya juu ili usiiguse, au linashusha teksicha kimyakimya mpaka nyuso za watu zinaonekana kama zimepakwa tope.

Grand Theft Auto V ni mfano unaofahamika na wengi. Toleo lake la kompyuta lilitoka Aprili 2015, na mahitaji yake ya chini yalitaja RAM ya GB 4 na kadi yenye GB 1, huku mahitaji yaliyopendekezwa yakitaja RAM ya GB 8 na kadi yenye GB 2. Kwenye menyu yake ya Graphics kuna mstari unaoonyesha kumbukumbu ya video iliyotumika na iliyopo, na ukipandisha kitu kupita kiasi gemu hukuzuia, isipokuwa umewasha chaguo la Ignore Suggested Limits. Maana yake ni kwamba kwa gemu hili huna haja ya kwenda BIOS ili tu ufungue mipangilio. Magemu mengine hayana mlango huo, na kwa hayo kutenga GB 2 ndiyo njia halali ya kuyafanya yaanze.

Kama gemu lako linaanza bila onyo, teksicha zinaonekana jinsi ulivyozichagua, na shida yako ni fremu chache, basi tatizo lako ni jingine na mpangilio huu hautaligusa.

Upande wa hasara dalili zake ni rahisi kuzitambua ukijua pa kutazama. Windows ikipungukiwa RAM huanza kuhamishia data kwenye diski na kuirudisha pindi inapohitajika. Diski ya SSD ni ya polepole sana ikilinganishwa na RAM, na diski ya zamani ya kuzunguka ni ya polepole zaidi kwa mbali. Mchezaji anaona gari linakwenda vizuri, kisha akikata kona kuingia mtaa mpya picha inaganda nusu sekunde, inaachia, inaganda tena. Wastani wa fremu unaweza kubaki uleule alioujua, na hapo ndipo wengi hukosea katika kupima. Wanasoma wastani, wanaona haujashuka, wanasema mpangilio mpya hauna madhara. Ukitaka kujua kilichotokea, acha Task Manager wazi huku unacheza kwenye dirisha, kisha tazama mambo mawili: kama Memory imekaa juu ya asilimia 90 na Disk inapanda kwa kishindo kila picha inapoganda, umeinyima Windows nafasi yake. Rudisha kiasi cha kutengwa chini.

Ushauri wangu kwa mashine ya GB 8 ni kuacha MB 512, au kwenda GB 1 kama chaguo hilo lipo, na kugusa GB 2 pale tu gemu fulani linapokataa kuanza. Kwenye mashine ya GB 16 mambo ni tofauti. Ukitenga GB 2 au hata 4, Windows bado ina GB 12 au zaidi, na hakuna kitakachoumia.

Kuingia na kubadilisha

Mpangilio wenyewe uko ndani ya BIOS. Zima kompyuta, iwashe, na hapohapo bonyeza-bonyeza kitufe cha kuingilia: kwenye laptopu nyingi ni F2, kwenye za HP ni F10, kwenye ThinkPad ni F1, na kwenye kompyuta za mezani mara nyingi ni Delete. Katika mashine za AMD tafuta jina UMA Frame Buffer Size, ambalo hukaa chini ya Advanced au Config. Bodi za mezani huliweka ndani zaidi, kwenye AMD CBS, kisha NBIO Common Options, kisha GFX Configuration. Kabla hujabadilisha chochote, piga picha ya skrini kwa simu ili ujue pa kurudi. Chagua kiasi, hifadhi, na kompyuta ikiwaka rudi Settings ukaangalie namba ya usable imebadilikaje. Ikiwa haijabadilika, mpangilio haujashika.

Laptopu nyingi hazionyeshi chaguo hili kabisa. Mtengenezaji amelificha, na hapo zipo programu zinazozunguka mitandaoni zinazodai kufungua menyu zilizofichwa. Siwashauri watu kuzitumia. Menyu hizo zina mamia ya vitu vya umeme na kumbukumbu, na ukikosea kimoja mashine inaweza kukataa kuwaka, nawe hutakuwa na skrini ya kurekebishia. Kwa faida ndogo niliyoieleza hapo juu, hatari hiyo haina malipo yake.

Kwa prosesa za Intel hadithi ni fupi zaidi. Mpangilio wao huitwa DVMT Pre-Allocated, kwa kawaida huwa MB 32 au 64, na Windows mara nyingi huonyesha MB 128 kwenye kumbukumbu ya kutengwa. Draiva ya Intel imejengwa tangu mwanzo kuishi kwa kuazima, kwa hiyo kupandisha kiasi hicho hakuna kinachoonekana kwenye fremu. Badala yake kumeenea hila ya kubadilisha namba ndani ya rejista ya Windows:

```
HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Intel\GMM
DedicatedSegmentSize = 512
```

Hila hii haitengi hata baiti moja. Inaifanya draiva iseme kuna MB 512 pale gemu linapouliza. Kwa gemu linalokataa kuanza kwa sababu ya namba peke yake, uongo huo unaweza kulifungua mlango. Anayekuuzia hila hiyo kama njia ya kuongeza kasi anakudanganya, na video za namna hiyo ni nyingi.

Kipande cha pili cha RAM

Rudi kwenye ile hesabu ya GB 25.6, maana humo ndimo fremu zilimofungwa. Prosesa ya 5500U ina njia mbili za kumbukumbu, na laptopu nyingi za bei nafuu huuzwa na kipande kimoja cha GB 8 kinachotumia njia moja tu. Njia ya pili imekaa bure. Ukichomeka kipande cha pili, chaneli zinakuwa mbili na kasi ya kupitisha data inapanda mpaka GB 51.2 kwa sekunde. Lile fungu la MB 427 kwa kila fremu linakuwa MB 853. Katika magemu yanayobanwa na kumbukumbu, kuongezeka kwa fremu kwa theluthi moja au zaidi ni jambo la kawaida, na hakuna mpangilio wowote wa BIOS unaokaribia hapo. Juu ya hayo RAM imefika GB 16, kwa hiyo ule ugomvi wa kugawana nao umekwisha.

Kujua kama una kipande kimoja au viwili huna haja ya kufungua bisibisi. Kwenye Task Manager, chagua Memory na usome mstari wa Slots used. Ikisema 1 of 2, una nafasi. Au fungua PowerShell na uandike:

```
Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory |
  Select-Object DeviceLocator, Capacity, Speed
```

Kila mstari unaotoka ni kipande kimoja. Nunua cha aina ileile, DDR4 kwa DDR4, na kwa kasi ileile, kwa sababu cha polepole kitakishusha kingine. Ukubwa nao ni vizuri ulingane. GB 8 pamoja na GB 4 zitafanya kazi, ila GB 4 za mwisho za kile kikubwa zitabaki kwenye njia moja, na gemu likifika huko litarudi kwenye kasi ya zamani.

Ukitaka kupima kwa haki, GTA V ina jaribio lake mwenyewe ndani ya menyu ya Graphics, linalopita sehemu zilezile za mji kila mara. Chomeka chaja, kwa kuwa laptopu nyingi hupunguza nguvu zikiwa kwenye betri. Acha mashine ipate joto kwanza kwa dakika kumi za kucheza, maana prosesa ya wati 15 hukimbia ikiwa baridi na kupunguza mwendo ikishachemka, na jaribio la kwanza litakudanganya. Endesha jaribio kwenye MB 512, kisha badilisha kwenda GB 2 na uendeshe tena bila kugusa kitu kingine. Soma wastani, kisha soma fremu za chini kabisa, ndizo zinazoeleza kukwama. Kama wastani haujasogea na zile za chini zimeshuka, umepata jibu la mashine yako.

Vifaa vya gemu vya kushika mkononi vimelifanya suala hili lijulikane zaidi. Steam Deck, iliyotoka mwaka 2022, ina GB 16 ambazo prosesa na grafiki vinagawana, na BIOS yake huanza na GB 1 ya kutengwa ikiwa na uwezo wa kupandishwa hadi 4. ROG Ally ya mwaka 2023 inakuruhusu kuchagua kiasi hicho ndani ya programu yake ya Armoury Crate, bila kuingia BIOS. AMD nayo imeweka chaguo linaloitwa Variable Graphics Memory kwenye draiva ya prosesa zake mpya za Ryzen AI. Kwenye vifaa hivi RAM ni nyingi na kasi yake ni kubwa, kwa hiyo GB 4 haziumizi, na kwa magemu mapya yenye teksicha nzito zinaweza kuzuia onyo na mikwamo.

Vifaa hivyo, pamoja na laptopu nyingi nyembamba, vina RAM iliyolehemewa kwenye bodi. Ulichonunua ndicho utakachokaa nacho. Kwa anayetaka kununua laptopu ya gemu isiyo na kadi ya kujitegemea, ombi la kumwambia muuzaji ni afungue Task Manager kwenye Memory kabla hujatoa pesa. Kama ni GB 8 na hakuna sloti iliyo wazi, hakuna mpangilio utakaoiokoa. Kama Slots used inasema 1 of 2, weka kando bei ya kipande cha pili, na BIOS iache ilivyo.